Masisi na Walikale: Gunia, kopo ao kifuko? Hesabu ya kilo inayoonyesha bei ya kweli ya chakula cha mwezi

Sokoni, maharagi ya aina moja yanaweza kuuzwa kwa bei tatu kwenye meza zilizo karibu. Mwenye depo anasema bei ya gunia. Mama aliyetandika kitenge chini anasema bei ya kopo. Kijana wa kioske naye anasema bei ya kifuko kilichofungwa fundo. Hakuna kati yao anayetaja bei ya kilo. Mnunuzi anabaki kukisia, na mara nyingi anaamini kwamba kinachonunuliwa kwa wingi ndicho rahisi siku zote.

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, kukisia kunagharimu. Vita vimekata barabara mara nyingi, kazi zimepungua, na jamaa nyingi zinapokea wageni waliokimbia vijiji vyao. Franga ya mwezi ikiisha tarehe 20, siku kumi zinazobaki ni za deni kwenye kioske ao za kula mara moja kwa siku.

Namna ya kujua bei ya kweli si ngumu. Inahitaji kugawanya tu: franga zote zilizolipwa, zigawanywe kwa kilo zinazoingia kweli ndani ya chungu. Lakini ni lazima kujua kilo hizo ni ngapi, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Bei zote zinazotajwa hapa chini ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Kila msomaji aweke bei ya soko lake.

Kopo lina kilo ngapi?

Kopo si kipimo kimoja. Kuna makopo yaliyogongwa chini hadi kitako kikaingia ndani. Kuna muuzaji anayejaza hadi juu kunakuwa na kilima, na kuna mwingine anayekata kwa kijiti hadi kopo linakuwa sawa na mdomo wake. Makopo mawili ya bei moja yanaweza kuachana kwa zaidi ya gramu 100, na jicho haliwezi kuona hiyo tofauti.

Njia ya kwanza ni kwenda na maharagi ya kopo moja kwenye depo yenye mzani na kuomba yapimwe. Inafaa kufanya hivyo mara moja tu kwa kila muuzaji ambaye jamaa inamzoea.

Pasipo mzani, chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu inasaidia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa hiyo ikijaa ina karibu kilo moja na nusu. Chukua kijiti kilichonyooka, kifunge kamba katikati na kukining'iniza hadi kisimame sawa bila kitu. Kisha tundika chupa upande mmoja na maharagi ndani ya mfuko upande mwingine, kwa umbali uleule kutoka kwenye kamba. Upande unaoshuka ndio mzito. Hautajua gramu kamili, lakini utajua kama kopo la muuzaji linafika kilo moja na nusu ao halifiki.

Tuseme linafika, na linauzwa franga 3 600. Gawanya 3 600 kwa 1,5. Kilo moja ni franga 2 400.

Sasa kuna matabishi. Mnunuzi anasema: «Mama, niongezee kidogo, ni mimi tena.» Muuzaji anatupa viganja viwili juu. Kama viganja hivyo vina gramu 100, mnunuzi ameondoka na kilo 1,6 kwa franga zilezile, na kilo imeshuka hadi franga 2 250. Matabishi si mchezo wa adabu tu. Ni punguzo la bei, na linafaa kuingia ndani ya hesabu.

Gunia la maharagi: faida inayoyeyuka

Kwenye depo, gunia linaloitwa la kilo 100 linauzwa franga 200 000. Hesabu ya haraka inasema kilo ni franga 2 000, yaani franga 400 chini ya kopo. Wengi wanaishia hapo na kukopa ili wanunue gunia.

Lakini gunia halijafika nyumbani. Motari anataka franga 10 000, kwa hiyo gharama ni 210 000. Kwenye mzani, gunia lina kilo 96, kwa sababu «gunia la mia» ni jina kuliko kuwa kipimo. Mama wa nyumbani anapoyachambua, anatoa kilo tatu za vijiwe, maganda na maharagi yaliyooza. Zinazobaki za kupika ni kilo 93. Gawanya 210 000 kwa 93: kilo moja imefika karibu franga 2 260.

Tofauti ya franga 400 imekuwa franga 140. Na yule mnunuzi wa kopo aliyepata matabishi ya viganja viwili analipa karibu bei ileile, bila kukopa, bila motari, kama maharagi yake yamekwisha kuchambuliwa.

Kisha kuna wadudu. Jamaa ya watu sita inayopika karibu gramu 700 za maharagi kwa siku inatumia kilo 21 hadi 22 kwa mwezi. Gunia hilo ni la miezi minne na zaidi. Wadudu wa maharagi wanataga mayai kuanzia shambani ao ndani ya ghala, na kwa miezi hiyo wanaweza kutoboa sehemu kubwa. Ishara yake inaonekana mapema: vumbi jeupe chini ya gunia, kisha vitundu vya mviringo kwenye maharagi. Kama wadudu wakiharibu kilo kumi, zinabaki 83, na kilo moja imefika franga 2 530. Gunia limekuwa ghali kuliko kopo.

Hasara hiyo inaweza kuzuiwa. Maharagi yaanikwe juani hadi jino lisiweze kuyapasua, yapoe, kisha yajazwe ndani ya bido kavu kabisa hadi mdomoni na kifuniko kifungwe kwa nguvu. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa na kufa. Bido likifunguliwa kila siku, hewa inaingia na kazi yote inapotea. Kwa hiyo inafaa kugawanya maharagi ndani ya mabido madogo na kufungua moja tu kwa wakati.

Njia nyingine ni kuacha kununua chakula cha miezi minne. Jamaa nne zikigawana gunia hilo, kila moja inatoa franga 52 500 na kupata kilo 23 na robo, chakula cha mwezi mmoja na siku chache. Kwa kopo lisilo na matabishi zingelipa 55 800. Kila jamaa imebakiza franga 3 300, na wadudu hawakupata wakati.

Unga wa mihogo: hapa gunia linafaa

Ile jamaa ya watu sita, kama inakula bugali kila siku, inaweza kumaliza kilo moja na nusu ya unga kwa siku, yaani kilo 45 kwa mwezi. Kwa chakula hiki, gunia la kilo 50 la mihogo mikavu si kubwa sana. Ni la mwezi mmoja.

Tuseme mihogo mikavu inauzwa franga 50 000 kwa gunia hilo. Motari ni 3 000, kusaga kwenye mashini ni 5 000. Jumla ni 58 000. Baada ya kusaga na kuchekecha, kilo nne zimeondoka kama nyuzi na mabaki, na unga ni kilo 46. Kilo moja inagharimu karibu franga 1 260. Unga uliokwisha kusagwa unauzwa sokoni kwa franga 1 400 kwa kilo. Kwa kilo 46, jamaa inabakiza franga 6 400.

Kuna sharti moja: mihogo iwe imekauka kweli. Muhogo uliokauka unavunjika kwa sauti na ndani yake ni mweupe. Ukipinda kabla ya kuvunjika, bado una maji, na mnunuzi analipa maji kwa bei ya chakula. Ukiwa na madoadoa meusi ao ya kijani ndani, umeota ukungu, na unga wake haufai kuliwa hata kama bei imepunguzwa.

Katika pori la Walikale, ambako mvua haiachi muda mrefu, unga unavuta unyevu upesi. Huko ni vema kuhifadhi mihogo ikiwa vipande na kusaga nusu ya gunia kila wiki mbili. Masisi, kwenye milima yenye baridi, umande nao unaingia kupitia gunia lililowekwa chini. Vipande vya mbao chini ya gunia vinatosha kulizuia lisivute maji ya udongo.

Mafuta: mahali maskini anapolipa zaidi

Mafuta ya mawese yanauzwa kwa namna tatu. Kuna bido ya manjano ya lita 20. Kuna chupa ya Primus. Na kuna kifuko kidogo, cha chakula cha mara moja.

Chupa kubwa ya Primus si lita. Ni sentilita 72. Wengi wanalinganisha chupa na lita moja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo wanapoteza zaidi ya robo. Tuseme chupa ni franga 1 800. Gawanya kwa 0,72: lita ni franga 2 500. Bido ya lita 20 kwa franga 40 000 inafanya lita kuwa 2 000. Kifuko cha sentilita tano kwa franga 200 kinaonekana rahisi, lakini vifuko 20 ndivyo vinavyofanya lita moja. Hiyo ni franga 4 000, mara mbili ya bei ya bido.

Mafuta hayapimwi kwa kilo kama maharagi. Lita moja ya mafuta ina karibu gramu 900, kwa hiyo bido ya lita 20 ina karibu kilo 18. Muuzaji mmoja akisema bei ya kilo na mwingine bei ya lita, geuza moja kabla ya kulinganisha.

Jamaa inayotumia lita nne kwa mwezi inanunua karibu vifuko vitatu kwa siku. Mwishoni mwa mwezi imetoa franga 16 000. Kwa chupa ingetoa karibu 10 000. Kwa kugawana bido na jamaa nyingine nne ingetoa 8 000.

Chumvi nayo ina tofauti kubwa ukiitazama kwa kilo. Kifuko cha gramu 50 kwa franga 100 ni 2 000 kwa kilo, na pakiti ya nusu kilo kwa 700 ni 1 400. Lakini jamaa inatumia karibu kilo moja tu kwa mwezi, kwa hiyo inabakiza franga 600. Kwa orodha ya mwezi, tofauti ya bei ya kilo haitoshi. Inapaswa kuzidishwa kwa kiasi kinachotumika.

Masisi si Walikale

Bei ya gunia inategemea pia ni wapi chakula kinatoka. Masisi inalima maharagi, viazi na mahindi. Walikale ina pori, mawese, mihogo, ndizi na mpunga. Chakula kinapopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa moto ao kwa mgongo wa mtu, kila barieri na kila tope linaongeza kitu juu ya kilo.

Kwa hiyo maharagi yanaweza kuwa na faida ya gunia huko Nyabiondo na kukosa faida hiyo Walikale-katikati, ambako bei ya usafiri imekwisha kuingia ndani ya gunia na ndani ya kopo pia. Mafuta ya mawese yanageuza hesabu hiyo: bido inanunuliwa vema karibu na mashamba ya michikichi. Karibu na Mubi na machimbo ya Bisie, sehemu ya bidhaa imekuwa ikifika kwa ndege zinazotua Kilambo, na bei ya depo inaweza kubadilika kulingana na kufika ao kutofika kwa ndege. Orodha ya mwezi uliopita haitoshi. Bei inapaswa kuulizwa upya.

Majira nayo yana neno. Huku milimani, maharagi yanavunwa karibu mara mbili kwa mwaka, kuelekea Desemba na Januari, kisha kuelekea Juni na Julai. Mara baada ya mavuno bei ya gunia huwa chini, lakini maharagi mengi bado yana unyevu. Yanapokauka nyumbani, yanapoteza uzito. Anayenunua kwa kilo wakati huo ayaume kwanza: kama jino linaacha alama, aombe bei ipunguzwe ao asubiri.

Kuna pia dola. Depo nyingi zinataja gunia kwa dola na kopo kwa franga. Gunia la dola 80 ni franga 200 000 kama dola ni 2 500. Mwenye depo akihesabu dola kwa 2 600, gunia limekuwa 208 000, na kila kilo imepanda franga 80 bila bei kubadilika kwa mdomo. Inafaa kuuliza: «Baba, dola unaihesabu ngapi?» kabla ya kuuliza gunia.

Hatari ambayo mzani hauonyeshi

Masisi-katikati iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-katikati mwezi wa Machi, kabla ya waasi hao kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Mtu anayekimbia kwa miguu na watoto hawezi kubeba gunia. Anaweza kubeba kilo chache na fedha.

Jambo hilo nalo lina hesabu. Faida ya gunia la maharagi katika mfano huu ni franga 140 kwa kilo, yaani karibu franga 13 000 kwa gunia zima. Anayeliacha nyumbani siku ya kwanza amepoteza 210 000. Ni faida ya magunia kumi na sita iliyokwenda kwa siku moja. Mahali ambapo risasi zinasikika karibu, kopo la wiki moja linaweza kuwa ununuzi wa akili kuliko gunia, hata kama kilo yake ni ghali.

Kununua kwa kugawana kunapunguza hatari hiyo, kwa sababu kila jamaa inaweka chakula kidogo. Wanachama wa likelemba na vikundi vya akiba wamezoea kukusanya fedha pamoja, na wanaweza kufanya hivyo kwa chakula. Ugomvi unaanza wakati wa kugawana. Unazuiwa kwa mambo machache: gunia lipimwe mbele ya wote, maharagi yachambuliwe kabla ya kugawanywa, kopo moja litumike kwa wote na likatwe kwa kijiti, kinachobaki chini ya gunia kigawanywe kwa kikombe, na gharama ya motari iandikwe pamoja na bei.

Orodha ya mwezi, kwa ile jamaa ya watu sita

Ikinunua kidogo kidogo, jamaa ya mfano inatoa: unga 64 400, maharagi 55 800, mafuta 16 000, chumvi 2 000. Jumla ni franga 138 200.

Ikinunua gunia la mihogo peke yake, na kugawana maharagi na mafuta na jirani, inatoa: unga 58 000, maharagi 52 500, mafuta 8 000, chumvi 1 400. Jumla ni franga 119 900.

Tofauti ni franga 18 300. Kwa bei hizo, ni karibu siku nne za chakula.

Lakini tazama inatoka wapi. Franga 8 000 zinatoka kwenye mafuta, 6 400 kwenye unga, 3 300 kwenye maharagi na 600 kwenye chumvi. Gunia la maharagi, ambalo watu wanakopa ili kulipata, linaleta kidogo kuliko bido ya mafuta.

Na asiye na fedha za gunia wala za bido anaweza kuanza na chupa. Chupa moja ya Primus ya mafuta, kwa 1 800, inachukua nafasi ya vifuko kumi na vinne na zaidi, ambavyo vingegharimu karibu franga 2 900. Ikiisha, jamaa imebakiza karibu franga 1 100, zaidi ya nusu ya bei ya chupa ya pili. Sharti ni kwamba kijiko kilichotumika wakati wa vifuko kiendelee kutumika wakati wa chupa. Mafuta yakimiminwa bila kipimo kwa sababu chupa imejaa, faida inaishia ndani ya sombe.